Wasifu wa wafanyakazi kwenye tovuti ya kampuni ya ushauri: sentensi nne kwa kila mtu

Ukurasa wa wafanyakazi huharibika siku ule ujumbe unapotumwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi: "Kila mmoja atume wasifu wake kabla ya Ijumaa." Mkurugenzi anatuma kurasa mbili zilizotolewa kwenye andiko la zabuni. Mhandisi anatuma aya inayoanza na "Mimi ni". Mhasibu anatuma mistari mitatu, na kijana aliyeajiriwa juzi hatumi kitu kwa sababu anaona hana la kusema. Anayesimamia tovuti anabandika vyote kama vilivyokuja, na ukurasa unatoka kama umeandikwa na kampuni nne tofauti.

Anayeumia ni msomaji. Fikiria afisa wa wizara aliyeko Mtumba, au mchumi wa halmashauri ya Manyoni, anayetaka kujua kama mna mtu wa maji aliyewahi kusanifu mradi wa vijijini. Hasomi ukurasa mzima. Anapitisha macho, anatafuta jambo lilelile kwa kila mtu, na kama kwa mmoja elimu iko juu, kwa mwingine iko chini na kwa wa tatu haipo, anaacha kutafuta.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kampuni ya watu 11 yenye ofisi Kisasa, Dodoma, inayofanya upembuzi yakinifu wa miradi ya maji, tafiti za kaya na mipango mkakati ya halmashauri. Ina mkurugenzi mtendaji, wakuu wa vitengo viwili, wataalamu watano, mhasibu, katibu muhtasi na dereva. Majina nimeyaacha, kila mmoja anaitwa Fulani.

Hatua ya kwanza: kubalianeni mifupa

Kabla ya mtu yeyote kuandika, kaeni mkubaliane kila wasifu utasema nini na kwa mpangilio upi. Kwa kampuni ya ukubwa huu napendekeza sentensi nne, na sijaona sababu ya kuongeza ya tano.

Sentensi ya kwanza inataja cheo na kazi anayoifanya mtu huyo sasa ndani ya kampuni. Ya pili inataja kazi moja, moja tu, aliyoifanya kwa mikono yake, ikiwa na mwaka na mahali. Ya tatu inasema alikuwa wapi kabla ya kujiunga. Ya nne inataja elimu na usajili wa kitaaluma.

Mpangilio huu una sababu yake. Mteja anataka kwanza kujua amwendee nani, kisha kama mtu huyo amewahi kufanya kazi inayofanana na yake. Shahada humsaidia baada ya hayo mawili, ndiyo maana inakaa mwisho. Kwenye wasifu wa zabuni ni kinyume, kwa sababu kamati ya tathmini inatoa alama kwa elimu na miaka ya kazi kulingana na vigezo vilivyoandikwa. Kwa hiyo msiuchukue wasifu wa zabuni na kuufupisha. Andikeni upya.

Urefu uwe kati ya maneno 60 na 85. Chini ya hapo sentensi ya pili hubaki tupu, na juu ya hapo mtu ameanza kuorodhesha.

Hatua ya pili: kusanyeni taarifa, msikusanye maandishi

Hapa ndipo kazi yote inapookoka au kuzama. Mtu mmoja tu aandike wasifu wote. Wengine kumi wampe taarifa, na awaulize mwenyewe, kwa simu au ana kwa ana, badala ya kuwapa fomu ya kujaza. Maswali ni manne, sawa na sentensi, na majibu yanaingia kwenye jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mtu.

Swali la pili ndilo gumu. Watu wetu wengi, wakiulizwa walichofanya, hujibu kwa wingi. Ni heshima nzuri kwa wenzao, lakini haiandikiki. Mazungumzo huwa hivi:

"Dada, kwenye ule utafiti wa kaya wa Kongwa, wewe ulifanya nini?"

"Tulikusanya takwimu, tukachambua, tukaandika ripoti."

"Nimekuelewa. Na wewe mwenyewe, asubuhi ukifika kijijini, kazi yako ilikuwa ipi?"

"Mimi nilikuwa na wadodosaji sita. Nagawa kaya, jioni napitia madodoso yote, yenye kasoro narudisha kesho yake."

Sentensi imepatikana: alisimamia wadodosaji sita. Bila swali lile la pili, angeandikwa kuwa "alishiriki katika utafiti", maneno ambayo hata dereva na mchapaji wa ripoti wangeweza kuyadai kwa haki kabisa.

Kwa mkurugenzi tatizo hugeuka. Ana kazi thelathini na anataka zote zitajwe. Muulize hivi: "Mzee, mteja akikupigia leo kwa kazi moja uliyowahi kuifanya, ungependa awe ameiona ipi?" Atataja mbili. Chukua ile inayofanana na kazi mnazozitafuta mwaka huu.

Hatua ya tatu: wekeni kanuni kwenye ukurasa mmoja

Mengi hapa ni madogo na yanapita haraka. Majina mawili kwa kila mtu, jina la kwanza na la ukoo, hata kama kwenye zabuni hutumia matatu. Miaka kwa tarakimu. Vyeo kwa herufi ndogo ndani ya sentensi. Shahada kwa majina yake kamili ya Kiswahili: Stashahada, Shahada ya Kwanza, Shahada ya Uzamili, Shahada ya Uzamivu. Jina la chuo lifuate lile lililo kwenye cheti. "Dkt." kwa mwenye uzamivu au daktari wa tiba, na "Bw." na "Bi." msizitumie kabisa, maana mkianza nazo mtalazimika kuulizana nani anaitwaje.

Mambo mawili yanahitaji uangalifu zaidi.

La kwanza ni neno "mhandisi". Bodi ya Usajili wa Wahandisi husajili kwa madaraja, na Mhandisi Mhitimu, Mhandisi Mtaalamu na Mhandisi Mshauri ni madaraja tofauti. Kampuni ya ushauri huteleza kirahisi hapa, kwa sababu kila mhandisi wake anafanya ushauri, na anayeandika tovuti anampa kila mmoja jina la "mhandisi mshauri". Kwa anayeijua bodi, hilo ni dai la usajili ambao huenda mtu huyo hana. Kanuni iwe hivi: "Mhandisi" linatangulia jina la aliyesajiliwa tu, na daraja linatajwa kwenye sentensi ya nne kama lilivyo kwenye cheti cha bodi. Hali ni hiyohiyo kwa mhasibu. CPA(T) ni ya aliyefaulu na kusajiliwa na NBAA. Aliyebakiza masomo mawili bado hana, na asiandikiwe "anamalizia CPA", kwa sababu sentensi hiyo itakuwa imechakaa baada ya matokeo yanayofuata, kwa heri au kwa shari.

La pili ni vitenzi. Nafsi ya tatu kwa Kiswahili haisumbui, kwani kiambishi "a-" kinabeba kila kitu na jina likitajwa mara moja mwanzoni linatosha. Hamhitaji "Yeye ni" wala kulirudia jina katika kila sentensi. Kinachosumbua ni uzito wa vitenzi kutofautiana kati ya mtu na mtu. Ikiwa kwa mkurugenzi "aliongoza" maana yake alikuwa kiongozi wa timu aliyesaini ripoti, na kwa afisa mdogo "aliongoza" maana yake alikuwa mbele ya wadodosaji sita, basi neno limekufa kwa wote wawili.

Kampuni yetu ya Kisasa ilihitaji vitenzi vitano na maana zake. "Aliongoza" ni kwa aliyekuwa kiongozi wa timu kwa mujibu wa mkataba. "Alisanifu" ni kwa aliyefanya hesabu na michoro mwenyewe. "Alisimamia" ni kwa aliyekuwa na watu chini yake uwandani. "Alichambua" ni kwa aliyeshika takwimu. "Aliandaa" ni kwa aliyeandika waraka au hesabu. "Alishiriki", "alihusika" na "alichangia" hayakuingia. Yakimjia mwandishi kalamuni, ajue hajauliza lile swali la pili.

Nyakati nazo zifuate sentensi. Ya kwanza inatumia "ni" kwa cheo na "hu-" kwa kazi ya kila siku: "ni mkuu wa kitengo cha maji na husimamia". Ya pili na ya tatu zinatumia "ali-". Ya nne inatumia "ana" na "amesajiliwa". "Amekuwa akifanya kazi" halina mahali pa kukaa katika mifupa hii.

Hatua ya nne: anzeni na mtu wa katikati

Msianze na mkurugenzi. Mkianza naye, wasifu wake utakuwa mrefu kwa heshima, na wote watakaofuata watapimwa kwa urefu huo. Msianze na mgeni pia. Anzeni na mtaalamu wa kati, mwenye kazi za kutosha na asiye na za kupindukia. Katika mfano wetu ni mkuu wa kitengo cha maji. Maandishi aliyokuwa ametuma yalikuwa hivi:

"Mimi ni mhandisi wa maji mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 12. Nimefanya kazi na taasisi mbalimbali za serikali na binafsi ndani ya nchi. Nimeshiriki miradi mingi ya maji ikiwemo visima, mabwawa na mitandao ya usambazaji. Ni mchapakazi, mbunifu na ninayeweza kufanya kazi katika timu na chini ya shinikizo."

Ukiondoa kila kinachoweza kusemwa na mhandisi mwingine yeyote wa maji, hakibaki kitu. Baada ya maswali manne ilitoka hii:

"Mhandisi Fulani Fulani ni mkuu wa kitengo cha maji na husimamia upembuzi yakinifu na usanifu wa miradi ya maji vijijini. Mwaka 2021 alisanifu mtandao wa mabomba wa vijiji vinne wilayani Chemba, kuanzia kisima kirefu hadi vituo vya kuchotea maji. Kabla ya kujiunga na kampuni mwaka 2019, alikuwa mhandisi wa maji katika halmashauri ya wilaya mkoani Singida. Ana Shahada ya Kwanza ya Uhandisi wa Rasilimali za Maji ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama Mhandisi Mtaalamu."

Angalia "zaidi ya miaka 12" ilipokwenda. Imeondoka, na mahali pake pana mwaka 2019 na mwaka 2021. Hesabu ya miaka huanza kudanganya tangu mwaka unaofuata, na hakuna atakayeikumbuka kuirekebisha. Mwaka wa kalenda hauhitaji kurekebishwa. "Mabwawa" nayo imeondoka, ingawa ni kweli amewahi kuyafanya, kwa sababu wilaya kavu kama Chemba inatafuta mtu wa kisima kirefu na bomba.

Hatua ya tano: mkurugenzi, mgeni na dereva

Sasa mifupa inapimwa kwa watu wa pembeni. Huyu ni mkurugenzi:

"Fulani Fulani ni mkurugenzi mtendaji na husimamia ubora wa maandiko yote yanayokwenda kwa mteja. Mwaka 2018 aliongoza timu ya wataalamu watano walioandaa mpango mkakati wa miaka mitano wa halmashauri ya wilaya mkoani Singida. Kabla ya kuanzisha kampuni mwaka 2014, alikuwa afisa mipango katika sekretarieti ya mkoa. Ana Shahada ya Uzamili ya Uchumi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Stashahada ya Uzamili ya Mipango ya Mikoa ya Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma."

Ujumbe wa bodi, tuzo na historia ya kuanzishwa kwa kampuni havikutupwa. Vimehamia kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi", ambako mtu anayevitaka atavipata. Mweleze mkurugenzi kwamba nafasi yake ya kwanza kwenye ukurasa inaonyesha ukubwa wake, na urefu hauongezi kitu. Akikataa, mwonyesheni ukurasa mzima uliokwisha kupangwa, wasifu wake wa mistari ishirini ukiwa juu ya kumi za mistari mitano. Hoja hiyo kwa kawaida hushinda maneno.

Mgeni wa kitengo cha jamii, yule dada wa Kongwa, ni rahisi kuliko alivyodhani:

"Fulani Fulani ni afisa utafiti msaidizi na huandaa madodoso na kusafisha takwimu za kaya. Mwaka 2024 alisimamia wadodosaji sita katika utafiti wa kaya wilayani Kongwa, akigawa kaya kila asubuhi na kupitia madodoso kila jioni. Kabla ya kujiunga na kampuni mwaka huohuo, alifanya mafunzo kwa vitendo katika halmashauri ya wilaya mkoani Dodoma. Ana Shahada ya Kwanza ya Takwimu ya Chuo Kikuu cha Dodoma."

Ana sentensi nne kama mkurugenzi wake, na hakuna iliyotiwa chumvi. Mgeni kabisa, ambaye hajafanya kazi yoyote ndani ya kampuni, atumie kazi ya utafiti wa mwisho wa masomo yake, ikiwa na mada, mahali na mwaka.

Dereva huwa anaachwa, au anawekwa picha na jina tu. Msimamo wangu ni kwamba kama ukurasa unaitwa wa wafanyakazi, basi naye ana sentensi nne. Kampuni inayopeleka wadodosaji Mpwapwa wakati wa masika inamtegemea mtu anayejua korongo lipi linapitika, na mteja anayeijua Dodoma analijua hilo. "Fulani Fulani ni dereva wa kampuni na hupanga safari za timu za uwandani. Mwaka 2024 aliratibu usafiri wa timu mbili katika utafiti wa kaya wilayani Kongwa." Kisha alikotoka, kisha cheti chake cha VETA. Kitenzi "aliratibu" kilibidi kiongezwe kwenye kanuni pamoja na maana yake, na hilo ni sawa, mradi kiongezwe kwa kila mtu mwenye kazi kama hiyo. Kwake na kwa katibu muhtasi maneno yakishuka hadi 50 msiyalazimishe kupanda.

Hatua ya sita: someni kwa safu

Kusoma wasifu mmoja mmoja hakuonyeshi makosa ya ulinganifu, kwa sababu kila mmoja peke yake unaonekana mzuri. Chukueni sentensi za kwanza zote 11 mziweke pamoja, moja chini ya nyingine. Kisha za pili zote, na kadhalika.

Safu ya kwanza itaonyesha aliyeandikiwa kwa "anasimamia" wakati wenzake wana "husimamia". Safu ya pili ndiyo yenye thamani kubwa. Katika mfano wetu ilionyesha watu wawili walio-"aliongoza" mpango mkakati uleule wa mwaka 2018. Mmoja alikuwa kiongozi wa timu, mwingine aliandika sura ya fedha. Kitenzi chake kikawa "aliandaa", na kitu alichoandaa kikatajwa: makadirio ya mapato ya halmashauri kwa miaka mitano. Wasifu wake haukudhoofika, kwani sasa mteja anayetafuta mtu wa fedha za halmashauri anajua yuko wapi.

Safu ya tatu huibua majina ya ofisi. Mmoja ameandika "Manispaa ya Dodoma", mwingine "Jiji la Dodoma", na wote wawili wako sahihi, kwa kuwa Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018. Chagueni jina la wakati mtu alipokuwa kazini, au jina la sasa kwa wote. Mimi huchagua la sasa, kwa sababu msomaji anataka kuitambua ofisi. Safu ya nne huonyesha aliyeandika "Digrii", aliyefupisha jina la chuo na ambaye usajili wake haukutajwa. Linganisheni pia miaka ya safu hizi na wasifu uliowasilishwa kwenye zabuni za karibuni. Mtu aliyejiunga mwaka 2019 kwenye tovuti na mwaka 2017 kwenye zabuni anaweza kuulizwa, na kampuni haitakuwa na jibu zuri.

Mwisho wa kupitia, hesabuni maneno. Kama mrefu kuliko wote anamzidi mfupi kwa zaidi ya maneno 35, rudini kwa mrefu. Karibu kila mara kuna kazi ya pili iliyojipenyeza kwenye sentensi ya pili.

Hatua ya saba: ridhaa, kisha matunzo

Kila mmoja asome wasifu wake na picha yake kabla havijapanda, na aridhie kwa maandishi, hata kwa barua pepe fupi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu mwajiri pia. Msiweke tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa wala namba ya simu binafsi, ingawa vyote hivyo mnavyo kwenye faili la zabuni. Anayerekebisha arekebishe taarifa tu. Mtindo ubaki kwa yule mmoja aliyeandika, la sivyo "mchapakazi" na "mbunifu" watarudi kwa mlango wa nyuma.

Jedwali la hatua ya pili lihifadhiwe, maana ndilo chanzo. Kama tovuti ina ukurasa wa Kiingereza, uandikwe kutoka kwenye jedwali hilohilo, wala si kwa kufuata sentensi za Kiswahili neno kwa neno. Ongezeni safu moja ya tarehe ya mwisho ya kuhakikiwa. Mara moja kwa mwaka pitieni mambo matatu kwa kila mtu: cheo, kazi ya sentensi ya pili kama bado ndiyo bora, na hali ya usajili kwenye bodi.

Mtu akiondoka, wasifu wake ushuke wiki hiyohiyo. Kazi aliyoifanya ibaki kwenye orodha ya miradi ya kampuni bila jina lake, na asiandikiwe mwingine kwenye sentensi ya pili kwa kuwa tu nafasi imebaki wazi. Anayeshika kitengo chake atakuwa na kazi yake mwenyewe, hata kama ni ya kijiji kimoja.